Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Fanuel

Mlango wa jikoni kwa Joash haufungi. Ukiusukuma unarudi, ukiuvuta unalia, na ukimuuliza mwenyewe kwa nini haiti fundi, atakwambia, "Huu ni mlango wa Fanuel, hauna dawa." Huko Karungu kila kisichofunga ni cha Fanuel. Zipu iliyokataa ni ya Fanuel, kifuniko cha sufuria kilichopinda ni cha Fanuel, na mlevi anayeongea mpaka mate yamkauke, mdomo wake ni wa Fanuel. Watoto waliozaliwa juzi wanasema hivyo na hawajui kama Fanuel alikuwa mtu au aina ya kufuli.

Gesare anajua. Fanuel alikuwa mume wake.

Miaka thelathini na tisa amelisikia neno hilo sokoni, kisimani na hata kanisani, mzee wa kanisa mmoja alipokosa kufunga maombi. Mume amezikwa mwaka wa sita huu, lakini neno limekataa kuzikwa. Na kitu kimoja tu Gesare alikuwa bado anakitaka hapa duniani, ukiacha meno mapya: asikie mtu, mbele za watu, akisema kwamba Fanuel hakukosea.

Alitoka Kisii akiwa msichana wa darasa la saba, akaja Karungu na shangazi yake kuuza ndizi. Ndizi ziliisha, yeye akabaki. Wapimaji wa maji walikuwa wanatafuta kibarua wa kubeba fimbo, ile ndefu iliyochorwa namba kama rula ya shetani, na wanaume wa pale walikuwa wameona kazi ya kusimama na fimbo juani ni kazi ya mchungaji asiye na ng'ombe. Gesare akaichukua. Mpimaji alikuwa kijana mrefu wa Kendu Bay, Msabato, anayevaa soksi hata kwenye matope. Yeye hakujua Kikisii, Gesare hakujua Kijaluo, basi wakakutana kwenye Kiswahili, kila mtu akiwa mgeni kidogo, na ugeni ule ukawapa adabu. Waliendelea kuongea Kiswahili mpaka uzee. Majirani walidhani wanajidai.

"Nyar Kisii!" Fanuel angepiga kelele kutoka kwenye darubini, mgongo umepinda, jicho moja limefumbwa. Binti wa Kisii, ndivyo alivyomwita mpaka kufa. "Nyar Kisii, simama wima!"

"Nimesimama! Wewe ndiye umeinama!"

Kila siku maneno yale yale, na kila siku waliyacheka kama mapya. Ndiyo maana walioana.

Sasa mwaka huu mradi wa maji ukafufuka. Msichana mmoja mpimaji, Beverly, akaletwa kutoka Homa Bay, akapanga chumba kwa Gesare kwa sababu nyumba yake ndiyo pekee yenye sakafu isiyoteleza kuelekea upande mmoja. Sakafu ile Fanuel aliisawazisha mwenyewe. Alipofukuzwa upimaji aligeuka fundi wa misingi: alikuwa na mpira mwembamba uliojaa maji, anashika ncha moja, Gesare ncha nyingine, wanatazama maji yaliposimama huku na kule. "Maji hayana cheo," alikuwa akisema. "Hayamwogopi mkubwa." Nyumba arobaini hapo Karungu zimekaa sawa kwa mpira ule, pamoja na ya Joash, na Joash bado alimcheka akiwa ndani yake.

Jumanne alasiri mvua ilikuwa imekatiza kazi. Beverly alikaa barazani na kompyuta mapajani, chai pembeni, na Gesare alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, na kusikiliza kila kitu, maana masikio yake hayakuwahi kustaafu.

"Dani," Beverly akaita, akicheka. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na msichana alikuwa amemzoea. "Njoo uone kituko. Ofisi wamenitumia picha za faili la zamani, la themanini na sita. Kuna mzee hapa alikosea vizuri sana."

Gesare hakunyanyua uso. "Alikosea vipi?"

"Nikueleze ama utasinzia?"

"Mimi nimebeba hiyo fimbo wewe ukiwa bado hujafikiriwa. Sema."

Beverly akaduwaa kidogo, kisha akasogeza kiti. Hakuhitaji kueleza mwanzo wala Gesare hakuuomba. Darubini hukaa katikati. Fimbo husimama kwanza nyuma, mahali ambapo kimo chake kinajulikana, inasomwa. Kisha inapelekwa mbele, inasomwa tena. Somo la mbele likiwa kubwa kuliko la nyuma, umeshuka. Likiwa dogo, umepanda. Unaongeza au unapunguza kwenye kimo ulichotoka nacho, darubini inahama, na kwenda mbele hivyo hivyo kama siafu, kutoka alama ya serikali iliyo kambini kwa chifu, kupitia mwamba wa chemchemi, mpaka alama nyingine ya serikali iliyo kwenye ngazi ya misheni.

"Hiyo alama ya misheni kimo chake kinajulikana," Beverly akasema. "Mita elfu moja mia moja sitini na saba, nukta moja tatu nane. Sasa huyu mzee amefika pale na nukta nne moja tano. Amepitiliza kwa milimita mia mbili sabini na saba, Dani! Mstari wa kilomita nne. Ruhusa ni kumi na mbili mara kipeuo cha pili cha nne. Ishirini na nne. Yeye ana mia mbili na ushee; kazi haikufunga."

"Labda karani wa ofisi alijumlisha vibaya."

"Nimejumlisha mwenyewe. Ona." Akageuza kompyuta. "Masomo ya nyuma ya ukurasa wa mwisho yote pamoja, nne nukta nane nne mbili. Ya mbele, nane nukta nane nne saba. Tofauti, nne nukta sufuri sufuri tano. Na kutoka kimo cha kwanza cha ukurasa mpaka cha mwisho, tofauti ni hiyo hiyo. Hesabu iko safi kabisa. Lakini hesabu safi inaonyesha tu kwamba umejumlisha vizuri kile ulichoandika. Kama uliandika uongo, unajumlisha uongo vizuri. Ni ile alama ya mwisho peke yake inayokushika mkono."

"Na kurasa nyingine?"

"Hapo ndipo ajabu. Wiki iliyopita nimepima mimi mwenyewe kutoka kambini mpaka mwambani. Kwa masomo yake, mwamba uko elfu moja mia moja sabini na moja, nukta nne mbili sufuri. Mimi nimepata nne mbili mbili. Milimita mbili tu! Mzee alikuwa fundi. Halafu ukurasa wa mwisho anaingiwa na wazimu."

Gesare akapangusa mikono yenye magamba kwenye leso, akainama kutazama. Alitaka kuona mwandiko wa Fanuel. Mwandiko wa Fanuel ulikuwa kama kuku amekimbizwa, na alikuwa ameukosa miaka sita.

Haukuwa mwandiko wa Fanuel.

Saba zilikuwa na mkanda kiunoni. Tisa zilikuwa na mkia uliokunjwa kwa madaha. Namba zilikaa kwenye mistari kama wanakwaya. Mtu aliyefundishwa kuandika hivyo na Mwalimu Susana wa darasa la nne, kwa kiboko cha mpera, alikuwa mmoja tu Karungu nzima, na wakati huo alikuwa amesimama barazani ananuka omena.

"Dani? Umeona pepo?"

"Nimeona mtu ninayemjua," Gesare akasema. "Ngoja."

Akaingia chumbani, akafunga mlango, ambao kwake unafunga vizuri, akakaa kitandani. Siku ile ikamjia yote, hata harufu yake.

Ilikuwa Ijumaa. Jana yake mvua iliwakuta kwenye chemchemi, daftari likaanguka topeni, na ng'ombe wa mtu akalikanyaga kwa utulivu kana kwamba ametumwa. Fanuel alilipangusa, akamaliza kazi, akapiga hesabu palepale juu ya jiwe akiwa amelowa, kisha akacheka peke yake. "Saba tu, Nyar Kisii! Milimita saba kwa kilomita nne! Hata Mungu alipopima dunia sijui kama alifunga hivi." Ijumaa asubuhi akaenda Migori kurudisha darubini. Gesare akabaki na daftari lile linalonuka zizi. Akaona aibu. Kazi nzuri hivi ipelekwe kwa wakubwa ikiwa na kwato ya ng'ombe? Palikuwa na daftari tupu la akiba. Akakaa chini, akaanza kunakili masomo, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake wote wa darasa la saba.

Fanuel alikuwa na sheria, na alimfundisha hata kabla ya kumchumbia. Daftari la kazi halinakiliwi. Halifutwi kwa raba. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, ili lile kosa lisomeke, andika sahihi juu yake, tia saini na tarehe. "Chafu na kweli," alisema, "kuliko safi na labda." Gesare alikumbuka sheria, lakini alikuwa mke mpya, na mke mpya ana sheria zake.

Alifika ukurasa wa mwisho jua likiwa limeshagusa ziwa. Na jua la Ijumaa kwa Msabato si la mchezo. Likizama, kalamu inawekwa chini, jiko limeshapoa, maji yameshatekwa. Jicho moja kwenye daftari, jicho moja kwenye jua. Akaandika mstari wa mwisho, jua likachovya, akafunga daftari akiwa na furaha ya mtu aliyemshinda Mungu mbio kwa hatua moja. Sabato hakulifungua. Jumapili hakulirudia. Fanuel aliporudi, alilishika, akatikisa kichwa, akafungua kinywa kukemea, akamwona alivyosimama na kungoja sifa. "Zuri kama cheti cha ubatizo," akasema. Jumatatu dereva wa ofisi akalichukua. Hesabu ya vimo wangepiga wenyewe huko ofisini.

Baada ya wiki mbili barua ikaja: kazi haikufunga. Fanuel aliitwa, akarudi bila kazi, na mradi wa maji ukasimama. "Darubini ilikuwa na ugonjwa," alimwambia. Na Gesare aliamini. Kwa miaka yote hiyo ameilaani darubini ile, hata kwenye maombi. Hakuwahi kuifikiria kalamu. Nani huifikiria kalamu yake mwenyewe?

Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda. Mpira wa maji ulikuwemo, umekakamaa kama nyoka mfu, na soksi jozi tatu, na chini kabisa, limefungwa kwenye kitambaa cha Sabato, daftari lenye kwato ya ng'ombe. Hakuwa amelifungua tangu msiba, na kabla ya msiba lilikuwa la Fanuel.

Akatoka nalo. "Hili ndilo la kweli," akamwambia Beverly. "Lile la faili ni nakala. Kokotoa hili. Soma kwa sauti."

Beverly akatazama jina kwenye jalada, akatazama picha ya marehemu ukutani, na rangi ikamtoka. "Dani... nimemcheka mumeo."

"Umemcheka mtu mwingine. Soma."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na madoa, lakini penseli ya Fanuel ilikuwa imestahimili. Penseli haiogopi maji. Beverly akasoma, kidole kikifuata.

"Nyuma, moja nukta mbili sufuri nne. Mbele, mbili nukta tatu moja nane."

"Umeshuka moja nukta moja moja nne," Gesare akasema, mikono ikiwa imerudi kwenye omena.

Beverly akamtazama, akaangalia kikokotoo chake, akaendelea. "Nyuma, sufuri nukta nane saba sita. Mbele, mbili nukta tano nne moja."

"Moja nukta sita sita tano."

"Nyuma, moja nukta tatu sita tano..."

Akaangalia kompyuta. Akaangalia daftari. "Kwenye nakala ni moja nukta sita tatu tano. Tatu na sita zimebadilishana viti."

"Maliza."

"Mbele, moja nukta tisa sufuri mbili. Umeshuka sufuri nukta tano tatu saba, si mbili sita saba. Halafu nyuma, moja nukta moja mbili saba, mbele, mbili nukta sufuri nane sita."

"Sufuri nukta tisa tano tisa."

Sasa Beverly alikuwa akiandika haraka. Masomo ya nyuma, nne nukta tano saba mbili. Ya mbele, nane nukta nane nne saba. Tofauti, nne nukta mbili saba tano. Mashuko manne ukiyajumlisha, nne nukta mbili saba tano. Kutoka kimo cha mwamba, ukiondoa hiyo, unafika misheni na elfu moja mia moja sitini na saba, nukta moja nne tano. Alama inasema moja tatu nane.

"Saba," Beverly akasema polepole. "Milimita saba, kilomita nne. Dani, mimi na hizi mashine zangu najivunia kumi."

Furaha aliyoingoja Gesare miaka thelathini na tisa ilikuwa imefika, na ilikuwa imekuja na mgeni mwingine mgongoni. Maana kina mama wa Karungu walibeba maji ya ziwa kichwani miaka yote hiyo, na yeye kati yao, wakimlaani Fanuel njia nzima. Kweli, mkubwa wa ofisi angeweza kumrudisha mtu apime tena, kazi ya siku chache. Akaona ni rahisi kumfukuza. Hilo ni lake na Muumba wake. Lakini ile tatu na ile sita hazikuwa za mkubwa.

"Kuna maandishi nyuma hapa," Beverly akasema, akigeuza jalada.

Ulikuwa mwandiko wa kuku aliyekimbizwa. Mistari miwili tu.

*277 – 7 = 270.*
*270 ÷ 9 = 30.*

Na chini yake saini ya Fanuel na tarehe, siku aliyorudi bila kazi.

"Hii ni nini?" Beverly akauliza.

Sauti ya Gesare ilitoka ikiwa ndogo. "Alinifundisha. Ukiona kosa linagawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, usitafute shetani, tafuta namba mbili jirani zilizobadilishana viti. Aliondoa saba zake halali, akabaki na mia mbili sabini. Thelathini inakwambia namba zenyewe zinapishana kwa tatu, na viti zilivyobadilishana. Tatu na sita. Ukitembeza macho kwenye ukurasa huo hakuna nyingine." Akasogeza daftari. Pembeni mwa moja nukta tatu sita tano palikuwa na kitone kidogo cha penseli, kama kovu la ndui. "Alilipata siku hiyo hiyo."

Alikumbuka vizuri. Fanuel alirudi, akaomba daftari la zamani, akakaa nalo kwenye kigoda kama muda wa kuchemsha uji. Akalifunga. Akaulizia omena. Akala, akaimba wimbo wa Sabato na haikuwa Sabato. Jina la Gesare lilikuwa limeanza kuandikwa kwenye orodha ya vibarua wa kudumu, na aliyenakili daftari la kazi alikuwa anafukuzwa pamoja na aliyeruhusu. Bila shaka ofisini walimuuliza nani aliandika. Akasema, mimi. Gesare akaendelea kubeba fimbo miaka mitatu zaidi, akirudi nyumbani kumweleza Fanuel wapimaji wengine walivyo wazembe, na Fanuel akimsikiliza na kucheka.

"Mzee mwongo," Gesare akasema, akipangusa macho kwa mkono wenye omena, jambo ambalo halishauriwi. "Miaka thelathini na tatu alilala kando yangu na hesabu hii."

Alhamisi watu walijaa kambini kwa chifu. Mhandisi Okemwa alikuwa amekuja na ramani na koti lisilofaa kwa joto lile. Joash, mwenyekiti wa kamati ya maji, binamu wa marehemu, alisimama kufungua mkutano.

"Tunamshukuru Mungu," akasema, "safari hii tuna mpimaji msomi. Tunamwomba tu afunge. Tusipate tena maji ya Fanuel!"

Watu wakacheka, kwa mazoea tu, kama wanavyopiga chafya. Gesare akasimama.

"Shemeji," akamwambia Joash, "umelicheka jina hilo mpaka limeota mvi. Leo nimekuletea jipya. Ile kazi ya themanini na sita ilifunga. Kwa milimita saba. Daftari hili hapa. Lililokwenda ofisini lilinakiliwa na mtu mjinga aliyekuwa anakimbizana na jua la Ijumaa, akaandika sita penye tatu. Mtu huyo ni mimi."

Hata mbuzi wa chifu aliacha kutafuna. Beverly akaweka madaftari mawili mezani, moja chafu, moja kwenye kompyuta, akamwonyesha mhandisi mstari ule.

Okemwa akasoma, akavuta mdomo. "Mama, pole. Lakini daftari la miaka arobaini chini ya kitanda... maneno ni maneno. Mtu anaweza kuandika chochote."

"Sawa kabisa," Gesare akasema. "Marehemu angesema hivyo hivyo. Basi tupime. Mwamba upo, misheni ipo, ni kipande kifupi, mara nne tu darubini isimame. Tuanze na kimo cha Fanuel cha mwamba. Kama nakala ndiyo ya kweli, tutashuka mita nne na milimita tano. Kama ni hili chafu, tutashuka mita nne na robo na kidogo. Hata Joash ataiona hiyo tofauti, na macho yake haya."

Wakaenda, mkutano mzima, kina mama na mitandio yao, chifu na fimbo yake, mbuzi nyuma. Beverly akasimamisha darubini. Kijana wa kamati akashika fimbo ya namba, Gesare akamnyang'anya.

Mwamba ulikuwa pale pale, na kovu la patasi alilolichonga Fanuel. Akaisimamisha fimbo juu yake. Mikono ilikumbuka. Akaitikisa polepole, mbele, nyuma, mbele, ili mpimaji achukue somo dogo kuliko yote, lile la fimbo ikiwa wima. Upepo wa ziwa ukamvuta sketi.

"Dani!" Beverly akapiga kelele kutoka kule, mgongo umepinda, jicho moja limefumbwa. "Simama wima!"

Gesare akaikaza fimbo juu ya mwamba.

"Nimesimama!" akajibu, na mlima ukarudisha sauti. "Wewe ndiye umeinama!"

Walipofika ngazi ya misheni, Beverly alimpa Joash kalamu ajumlishe mwenyewe, kwa sauti, watu wasikie. Ilichukua muda, Joash ni mtu wa maneno zaidi. Ya nyuma, nne nukta tisa moja tatu. Ya mbele, tisa nukta moja tisa moja. Alipotoa alitokwa na jasho kama anayefukua kisima.

"Nne nukta mbili saba nane," akasema.

"Ondoa kwenye kimo cha mwamba cha Fanuel," Okemwa akamwambia.

"Elfu moja mia moja sitini na saba, nukta moja nne mbili."

"Na alama hii ni moja tatu nane," mhandisi akasema. Akavua miwani. "Milimita nne. Kwa kipande hiki ruhusa ni saba na kitu. Imefunga."

Akageuka kwa watu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa serikali alilisema kama tangazo: "Mpimaji Fanuel hakukosea."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele kimoja, akajiona yuko peke yake, akakimalizia taratibu. Joash akavua kofia, akaitazama ndani, akairudisha.

"Kwa hiyo tuliteka maji ziwani miaka yote kwa sababu yako, shemeji," akasema mwishowe, bila kicheko.

"Kwa sababu yangu, na ya mkubwa mmoja aliyeona ni uchovu kupima mara mbili. Langu nalichukua. Lake amekufa nalo." Akanyoosha mkono kwa Okemwa. "Nipe ile karatasi ya faili."

"Mama, hiyo ni kumbukumbu ya serikali."

"Ndiyo maana sitaifuta."

Okemwa akasita, kisha akatoa kwenye mkoba nakala iliyochapishwa. Gesare akaiweka kwenye ngazi ya misheni, kando ya alama, akapiga magoti kwa awamu mbili kama wafanyavyo wazee. Akatafuta moja nukta sita tatu tano. Akaikata kwa mstari mmoja mwembamba, kosa likibaki linasomeka. Juu yake akaandika moja nukta tatu sita tano, polepole sana, ingawa jua lilikuwa bado juu na siku ilikuwa Alhamisi. Akatia saini. Akatia tarehe.

Joash alikuwa amesimama nyuma yake, akimsubiri amnyanyue. "Sasa, Nyar Kisii," akasema, "huo mlango wangu wa jikoni niuite wa nani? Wa Gesare?"

Gesare akashika mkono wake, akainuka, akapangusa magoti.

"Mlango wako, shemeji," akasema, "nunua bawaba."